Mtihani wa Misingi ya Takwimu kwa njia ya mtandao: mambo ya kufanya kabla, wakati na baada

Wanafunzi wote wa somo la Misingi ya Takwimu,

Mtihani wa Jumamosi mtaufanyia nyumbani au popote mlipo penye utulivu. Maswali yako kwenye Moodle, mnayafungulia ndani ya Safe Exam Browser kwenye kompyuta, na simu yako itakuwa kamera ya msimamizi kupitia Zoom. Ni vitu vitatu tu, lakini kila kimoja kina namna yake ya kukuangusha. Someni mwongozo huu leo, msisubiri Ijumaa usiku, kwa sababu hatua mbili za mwanzo zinataka mtandao mzuri na muda.

Saa ya mtihani

Unaanza saa 8:00 mchana kwa saa za Tanzania. Moodle itakuandikia 14:00 au 2:00 PM kutegemea ulivyopanga wasifu wako, na kila muhula kuna mtu anayeona "2:00" akaamka usiku, au anayesikia "saa nane" akaingia asubuhi. Walioko Bujumbura na Kigali, kwenu itakuwa saa 7:00 mchana. Mlioko Muscat, saa 9:00 alasiri.

Mtihani ni wa dakika 120. Mlango unafungwa saa 10:30 jioni kwa kila mtu, kwa hiyo ukianza saa 8:30 bado una dakika zako zote, lakini ukianza saa 8:40 utabaki na 110. Wanaoswali Adhuhuri waswali kabla ya kuingia. Alasiri itawakuta wengi ndani ya chumba cha mtihani, na muda umewekwa mpana ili atakayemaliza mapema aende bila haraka.

Hatua ya kwanza: kompyuta, kufikia Jumatano

Safe Exam Browser hufanya kazi kwenye Windows, Mac na iPad. Haifanyi kazi kwenye simu ya Android, wala Chromebook, wala Linux. Mwenye mashine ya aina hizo aniandikie kabla ya Jumatano jioni nimwekee nafasi kwenye chumba cha kompyuta chuoni. Ukiniambia Jumamosi saa 7 mchana sitakuwa na la kukusaidia.

Pakua programu hiyo kutoka kwenye tovuti yake rasmi, kisha ifungue kwa kubofya faili lenye mwisho wa `.seb` lililo kwenye ukurasa wa somo. Ukilibofya, skrini nzima itafunikwa na huwezi kufungua kitu kingine mpaka utoke. Hilo ni la kawaida, usishtuke ukadhani ni kirusi. Ndani yake kuna jaribio la maswali matatu. Lifanye mpaka mwisho, mpaka uone kitufe cha `Submit all and finish`. Jaribio hilo halina alama, ila ndilo linaloniambia mimi kwamba mashine yako inakubali.

Kama umeazima kompyuta ya kaka au ya ofisini, fanya jaribio kwenye kompyuta hiyohiyo utakayotumia Jumamosi. Mashine za ofisini mara nyingi zimefungwa na mtu wa tehama na hazikubali kusakinisha chochote bila nywila yake.

Hatua ya pili: njia mbili za mtandao

Hapa ndipo naomba mtulie, kwa kuwa malalamiko mengi ninayopokea baada ya mtihani yanatoka hapa.

Kitu cha kwanza kuelewa ni kwamba saa ya mtihani haiko kwenye kompyuta yako. Iko kwenye seva. Mtandao wako ukikatika, namba za `Time left` unazoziona zitaendelea kushuka, na hata ukizima kompyuta kabisa zinashuka kulekule. Kuzima na kuwasha hakusimamishi muda. Kwa upande mwingine, majibu yako nayo yako kwenye seva: Moodle huhifadhi yenyewe takribani kila dakika moja, na huhifadhi tena kila unapobofya kwenda ukurasa unaofuata. Kwa hiyo ukikatika, unachoweza kupoteza ni maneno uliyoandika ndani ya dakika hiyo ya mwisho, basi. Majibu ya maswali uliyokwisha kuyapita yako salama.

Kwa sababu hiyo, mpangilio tunaoutaka ni huu: kompyuta itumie mtandao mmoja, simu itumie mwingine. Mwenye Wi-Fi nyumbani aiunganishe kompyuta kwenye Wi-Fi, na kwenye simu azime Wi-Fi ili Zoom itumie bando. Umeme ukikatika na ruta ikazima, simu itaendelea kurekodi, nasi tutaona kwa macho yetu kwamba taa imezima na kwamba hukwenda popote. Kisha unawasha hotspoti ya simu na kompyuta inapanda hapo. Ili hilo lifanyike haraka, unganisha kompyuta na hotspoti ya simu yako mara moja kabla ya siku ya mtihani, ili nywila ihifadhiwe. Ndani ya Safe Exam Browser ya Windows kuna alama ya Wi-Fi chini kulia ambayo tumeiacha wazi kwa ajili ya kubadilisha mtandao, lakini usitegemee kuanza kuandika nywila pale muda unakimbia.

Asiye na Wi-Fi, simu yake itabeba vyote viwili. Inaruhusiwa. Lakini lazima ajue jambo moja ambalo huwakuta wengi bila kutarajia: kwenye simu na mitandao mingi, simu ya sauti ikiingia, data husimama mpaka simu iishe. Laini ya pili nayo hufanya vivyo hivyo, mtu akikupigia kwenye laini ya pili data ya laini ya kwanza inakatika. Kuweka simu kimya hakusaidii, kwa sababu simu imeingia hata kama haijalia. Dawa ni kutoa laini ya pili kabisa, kuwaarifu nyumbani wasikupigie, na kwa anayeweza, kuhamishia simu zote zinazoingia kwa ndugu:

```
**21*namba ya ndugu#
```

Ukimaliza mtihani unaondoa kwa kupiga `##21#`. Jaribu siku moja kabla, maana si kila kampuni ya simu inaruhusu kwa kifurushi chako.

Kuhusu bando, ukurasa wa maswali ni mwepesi sana, hauli kitu. Kinachokula ni video. Zoom ikituma picha ya ubora wa kawaida hutumia kiasi cha kilobiti 600 kwa sekunde, yaani karibu megabaiti 270 kwa saa. Utakuwa ndani kwa saa mbili na nusu ukihesabu ukaguzi, hivyo ni kama megabaiti 675 za kutuma tu. Kuwa na gigabaiti moja na nusu, na ukishaingia Zoom chagua `Stop Incoming Video` ili usilipie picha za wenzako. Tazama pia bando linaisha saa ngapi, si limebaki kiasi gani tu. Bando la saa 24 ulilonunua Ijumaa saa 9 alasiri litakufia Jumamosi saa 9 alasiri, katikati ya swali la kumi. Na wenye LUKU, angalieni uniti asubuhi. Umeme uliokwisha kwenye mita hatuuhesabu kuwa dharura.

Hatua ya tatu: kamera

Ingia Zoom saa 7:30 mchana. Badilisha jina lako liwe namba ya usajili peke yake. Msimamizi atakuita mmoja mmoja, utaonyesha kitambulisho cha chuo, kisha utazungusha simu taratibu chumba kizima, juu ya meza, chini ya meza, na ukuta ulio nyuma ya kompyuta. Ukuta huo ndio watu husahau kuuonyesha.

Baada ya hapo simu inawekwa mahali pake na haiguswi. Hatuitaki mbele ya uso. Iweke pembeni na nyuma kidogo ya bega lako, umbali wa kama mita moja, kimo cha kifua au juu yake, ili tuone kwa pamoja skrini, mikono yako na upande wa uso. Rundo la vitabu juu ya kiti linatosha, simu ikiegemea kikombe kizito. Ilaze kwa upana, isisimame. Dirisha lisitazamane na kamera, vinginevyo tutaona kivuli cheusi tu na msimamizi atakusumbua mara tatu kukuhamisha. Simu iwe kwenye chaja au pawabenki tangu mwanzo, maana Zoom na hotspoti kwa pamoja humaliza chaji haraka na kuipasha simu moto. Itoe kwenye kava, na usiiweke juani.

Maikrofoni ya simu inabaki wazi, spika inabaki chini lakini isizimwe. Sauti za nyumbani hazikupi kosa. Adhana, jogoo, bodaboda, mtoto analia chumba cha pili, vyote tunavielewa. Tunachosikiliza ni mtu anayesoma swali au kutaja jibu. Kwa hiyo na wewe usisome maswali kwa sauti, hata kama ndivyo unavyoelewa vizuri zaidi. Mtu akiingia chumbani, usimjibu. Inua mkono mbele ya kamera, mwonyeshe mlango, na akitoka endelea. Tunaandika saa aliyoingia na aliyotoka, basi. Inakuwa shauri lingine akikaa au mkizungumza.

Wanaovaa hijabu hawatavua. Msimamizi wa kike atawaita kwenye chumba cha pembeni cha Zoom, ambacho hakirekodiwi, kuhakikisha hakuna vipokea sauti masikioni. Wanaovaa nikabu watatambuliwa hapohapo kwa njia hiyohiyo, kisha wataufanya mtihani wakiwa wamevaa. Atakayekuta anaitwa na mwanamume aseme, atabadilishiwa bila maswali.

Chooni unaruhusiwa mara moja, dakika tano. Unaandika `CHOO` kwenye karatasi, unaionyesha kamera, unaondoka. Huna haja ya kungoja ruhusa. Simu na kompyuta vinabaki.

Rekodi tunazihifadhi mpaka muda wa rufaa uishe, kisha zinafutwa. Wanaozitazama ni msimamizi wako, mimi, na kamati endapo kuna shauri. Ni taarifa zako binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakupa haki ya kuuliza zimetumikaje. Kama chumbani kuna kitu usichotaka tukione, kitoe kabla.

Hatua ya nne: vinavyoruhusiwa mezani

Karatasi mbili nyeupe za A4 zisizoandikwa, kalamu, kikokotoo cha kisayansi kisichoprogramiwa, na karatasi moja ya fomula. Casio fx-82 na fx-991 zinakubalika. Kikokotoo cha simu hakikubaliki, na cha kompyuta hakitafunguka.

Karatasi ya fomula ndiyo yenye ubishi kila mwaka, basi niiseme wazi. Iwe A4, upande mmoja, mwandiko wako wa mkono. Unaweza kuandika fomula, alama na maana yake. Usiweke maswali yaliyokwisha kufanyiwa kazi, hata kama umebadilisha namba. Fomula ya mkengeuko sanifu inakubalika, lakini fomula hiyohiyo ikifuatwa na "mfano: 4, 7, 9, 12…" mpaka jibu haikubaliki. Jedwali la mgawanyo wa kawaida usilibebe, limewekwa ndani ya mtihani kama kiungo juu ya kila swali linalolihitaji.

Maji yawe kwenye chupa isiyo na lebo. Saa ya mkononi ya aina yoyote ivuliwe, hatuna muda wa kubishana ipi ni janja na ipi si janja. Vipokea sauti vya aina zote haviruhusiwi, na simu ya pili isiwepo chumbani.

Ukikatika: fanya kwa mpangilio huu

Tuchukue mfano wa mwanafunzi aliye Tanga. Kompyuta iko kwenye Wi-Fi, simu iko kwenye bando. Saa 8:47 umeme unakatika, yuko swali la tisa akieleza kwa nini wastani unadanganya kwenye takwimu za mishahara. Kompyuta inaendelea kwa betri. Hadi saa 8:48 ndipo skrini inamwambia `Network connection lost. (Autosave failed)`. Ujumbe huchelewa kwa sababu unatokea pale Moodle inapojaribu kuhifadhi ikashindwa.

Habofyi chochote. Hilo ndilo la kwanza. Ukibofya kwenda ukurasa unaofuata bila mtandao, kivinjari hupoteza ukurasa uliopo na maneno ambayo hayakuhifadhiwa yanaondoka nao. Ananakili kwenye karatasi sentensi mbili za mwisho, anaandika pembeni "8:47".

Anasema kwa sauti mbele ya simu: "Umeme umekatika, nawasha hotspoti." Hapo peke yake ndipo anaruhusiwa kuigusa simu. Anatuma ujumbe mfupi kwa namba ya msimamizi iliyo kwenye barua ya mwaliko: namba ya usajili, saa, na neno moja la sababu. Nasema ujumbe, si kupiga. Ukipiga simu kwa kifaa hichohicho kinachobeba data, unaweza kuikata data yenyewe uliyokuwa unaiokoa. Ujumbe mfupi hauikati, na unabeba saa yake.

Anawasha hotspoti, anarudisha simu mahali pake, anachagua mtandao kwenye kompyuta. Saa 8:53 anaona `Network connection restored. You may continue safely`. Anahakikisha sentensi zake zipo, kisha sasa ndipo anabofya ukurasa unaofuata ili zihifadhiwe. Saa inamwambia zimebaki saa moja na dakika saba. Amepoteza dakika sita.

Kanuni yetu: kukatika kwa dakika tano au pungufu hakufidiwi. Kukizidi tano, unafidiwa dakika zote kuanzia ya kwanza, hadi dakika 20 kwa mtihani mzima. Kwa hiyo huyu wa Tanga anaongezewa sita, mtihani wake unaisha saa 10:06 badala ya saa 10:00. Nyongeza naiweka mimi kwenye Moodle kwa jina lake. Nitakapoiweka utapata ujumbe, na ukienda ukurasa mwingine utaona saa imesogea. Tunaangalia vitu viwili: kumbukumbu za seva, ambazo zinaonyesha lini kompyuta yako ilinyamaza na lini ilirudi, na rekodi ya kamera. Vikikubaliana, hatukuulizi zaidi. Umesema umekatika dakika kumi na mbili huku seva inaonyesha majibu yalikuwa yanahifadhiwa, hapo tutaongea.

Ukikaa nje zaidi ya dakika 20, acha kuhangaika. Tuma ujumbe, na utapangiwa kikao kingine chenye maswali mengine. Hakihesabiwi kuwa marudio.

Kompyuta ikiganda yenyewe, shikilia kitufe cha kuzimia, iwashe, fungua tena faili la `.seb` na ubofye `Continue your attempt`. Utarudi palepale. Usifungue mtihani kwenye kivinjari kingine au kwenye simu, hautafunguka, na jaribio hilo linaandikwa.

Na ikiwa Zoom ndiyo iliyokatika lakini mtihani unaendelea? Endelea kujibu. Tuma ujumbe, una dakika tano za kurudisha kamera. Mtandao ukiwa dhaifu kiasi cha kutobeba vyote viwili, zima video, uache mtihani wazi, tuma ujumbe. Jibu lako ni la thamani kuliko picha yako. Ila ujue kwamba aliyekaa bila kamera zaidi ya dakika kumi ataitwa Jumatatu kwa mazungumzo ya dakika kumi na tano kuhusu majibu yake, aeleze alivyofika. Si adhabu, na aliyefanya mwenyewe humaliza mapema.

Kumaliza

Bofya `Finish attempt`. Utaona orodha ya maswali yote. Penye `Not yet answered` rudi kwa `Return to attempt`. Ukiridhika, `Submit all and finish`, kisha uthibitishe mara ya pili kwenye kisanduku kitakachotokea. Wapo wanaobofya mara moja wakafunga kompyuta. Muda ukiisha, Moodle itawasilisha yenyewe yaliyohifadhiwa, kwa hiyo hawapotezi kitu, lakini wasimamizi wanabaki wakiwasubiri.

Kabla ya kutoka Zoom, onyesha kamera karatasi zako mbili za rafu na ile ya fomula, mbele na nyuma, taratibu ili maandishi yasomeke. Zihifadhi mpaka matokeo yatoke, hasa ile uliyoandika saa za kukatika. Anayetaka kulalamika kuhusu muda wake aandike ndani ya saa 48, ataje saa aliyokatika na aliyorudi, na aambatanishe picha ya karatasi hiyo.

Chumba cha Zoom cha majaribio kitakuwa wazi Alhamisi kuanzia saa 2:00 hadi saa 3:00 usiku. Njooni na simu iliyokwisha kuwekwa mahali pake, tuwaambie kama tunaona mikono.

Mratibu wa somo